Chumba cha Wiki ya Ngoma

Mimi nina gesti hapa Bunda, jirani na stendi, na wiki ya ngoma napandisha bei. Nasema mapema ili asije mtu akanishangaa mbele ya safari. Wenye gesti wote wa Bunda wanapandisha, wa Musoma wanapandisha kutuzidi, na kule Butiama kwenyewe, ambako vyumba ni vya kuhesabu na uwanja uko palepale, ukiuliza kitanda cha kulala unatajiwa bei kama vile umeuliza kiwanja. Sioni haya. Mwaka mzima vyumba vyangu vinalala vitupu nusu, na bili ya maji haijawahi kuniuliza kama nilipata wageni.

Ngoma zenyewe ni zetu wenyewe. Mavuno yakishaingia ndani na barabara zikikauka, vikundi vinatoka Buhemba, Mugeta na vijiji vya huku na huku, vinakutana Butiama kwenye uwanja wa shule. Ijumaa ni mazoezi, Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Zamani tulikuwaga sisi kwa sisi. Siku hizi wanakuja watu wa Mwanza, wa Dar, na wazungu wanaopitia wakielekea Serengeti, kila mtu na simu yake juu.

Mteja akinipigia, namuulizaga kwanza anataka nini. Ukitaka nafasi na picha nzuri, njoo uone mazoezi ya Ijumaa, utakaa mbele kama mkwe. Ukitaka shamrashamra, njoo Jumamosi, ila ukubali kukanyagwa, kula vumbi na kununua maji kwa bei ya soda. Ukitaka kulala kwa raha na kula sato kwa bei ya kawaida, njoo wiki inayofuata, nitakupokea kwa mikono miwili, lakini ngoma utasimuliwa. Na kama umeamua wiki yenyewe, usilale Butiama, lala Bunda au Musoma, ulipie mapema, uende asubuhi na urudi. Ndivyo ninavyowaambia watu, na huwa sikosei.

Kwa hiyo kaka yangu aliponipigia kutoka Morogoro kwamba Baba anataka kuja kwenye ngoma, nilikuwa na jibu tayari.

Baba anaishi kwa kaka tangu Mama alipofariki, kwa sababu ya matibabu ya macho. Ana presha ya macho. Daktari alishatuambia kwamba kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki nacho kinaondoka polepole. Wakati ule alikuwa bado anaona mbele yake, ila pembeni kulikuwa kumefungwa, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ukisimama mbele yake kwenye mwanga anakujua. Ukisogea hatua tu kando, anaanza kukuulizia uko wapi.

Nikamwambia kaka, mzee wa namna hiyo unampeleka kwenye watu wote wale aone nini? Visogo? Mlete wiki inayofuata. Basi litakuwa na viti, mimi nitakuwa na nafasi, na wale wapiga ngoma nitawalipa waje hapa uani wamchezee mbele ya pua yake. Aone kila mguu na kila njuga, anywe chai yake, alale. Na nilisema ukweli wote: ile ni wiki yangu ya mavuno, siwezi kuongoza mzee mkono na huku nahudumia wageni vyumba vyote vimejaa. Kaka akasema yeye hawezi kubishana na mimi, ngoja ampe simu mwenyewe.

Nikamwamkia Baba, akaitikia, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Binti yangu, mimi siji kuangalia. Nakuja kusikia nani amebaki."

Hapo inabidi nieleze jambo moja. Kwenye ngoma yetu, mwimbaji ndiye anayepiga litungu, lile zeze kubwa la nyuzi nyingi linaloshikiliwa kifuani. Siku kuu ikikaribia kuisha, anasimamisha wachezaji, anaacha uzi mmoja tu unalia, na anaanza kuita marika. Wanaume waliotahiriwa pamoja ni rika moja, wana jina lao, na jina hilo wanakufa nalo. Anaanza na rika la wazee kuliko wote, anashuka mpaka la vijana. Rika likiitwa, wenyewe popote walipo kwenye ule umati wanapiga fimbo chini na kujibu, "Tupo!" Basi. Mtoto hamjibii baba yake, wala mdogo mtu hamjibii kaka yake. Jina si lako, unanyamaza.

Baba mara ya mwisho alijibu kabla hajahamia Morogoro. Walikuwa wachache, lakini walisikika. Tangu hapo alikuwa akiletewa habari kwa simu: fulani ametutoka, fulani naye tumemzika. Nikamwambia, Baba, hilo ni jambo la kupiga simu tu, mimi nitakuulizia kijiji kwa kijiji. Akaniambia simu inamletea waliokufa, haijawahi kumletea aliye hai. Wanaume wa umri wake hawana simu, au wanayo na hawasikii. Siku pekee wanapokuwa mahali pamoja ni ile Jumamosi.

Nilikubali, lakini nilikubali kwa kununa. Huo ndio ukweli.

Tiketi yenyewe ilikuwa kazi. Nauli ya basi kubwa ina bei yake, haipandi ovyo, tatizo ni viti. Watu wa huku walioko mbali wote wanakumbuka kwao wiki hiyo hiyo. Kaka alikata mapema sana, kiti cha mbele nyuma ya dereva, na akamfikisha mzee mwanzoni mwa wiki, kabla wimbi halijaanza, maana yeye mwenyewe alikuwa na ruhusa ya siku chache na alitakiwa kugeuza. Nikampa Baba chumba cha kwanza kushoto, kile chenye choo ndani na mlango usio na ngazi. Kiongozi mmoja wa watalii kutoka Mwanza alikuwa anakitaka hicho hicho kwa wiki nzima, kwa bei ya wiki nzima. Nilimwambia kina mtu, na mdomo ulikuwa mchungu.

Nikaja na akili yangu ya kibiashara. Ijumaa nitampeleka mazoezi. Ataona, atafurahi, Jumamosi tutapumzika.

Na kweli Ijumaa ilikuwa nzuri. Nilikodi mchomoko mzima, zile gari ndogo za abiria wa kuchangia, kwa bei ambayo bado ilikuwa na ubinadamu, tukapita Kiabakari tukakata kuelekea Butiama, barabara nyeupe, hewa safi. Uwanjani kulikuwa na vikundi vyenyewe na ng'ombe wawili watatu wanajipitia. Nilimweka Baba kwenye kiti mbele kabisa, jua likiwa nyuma yetu ili mwanga uangukie wachezaji. Mwimbaji alimtambua, akaja kumwamkia kwa kuinama. Wakaanza. Baba alikuwa ameegemeza kidevu kwenye fimbo, uso unasogea taratibu, anatafuta mguu huu, anauacha, anatafuta mwingine. Nilimwona anatabasamu peke yake kijana mmoja alipokosea. Kwa macho yaliyobaki, aliona kila alichoweza kuona.

Wakati wanapumzika akamuuliza mwimbaji kama ataita marika. Mwimbaji akasema, "Hapana, mzee wangu. Majina hayo hayaitwi kwenye uwanja mtupu."

Njiani kurudi nikamuuliza Baba kama ameona vizuri. Akasema ameona vizuri sana, akanishukuru. Nikamwambia basi kesho tupumzike, Baba, kesho kutakuwa na watu mpaka juu ya miti. Hakujibu kitu. Nami nikachukua kule kunyamaza kwake nikakuita kukubali, kwa sababu ndivyo nilivyotaka.

Jumamosi gesti yangu iliamka kabla ya kuku. Huyu anataka maji ya moto, huyu anataka chapati, huyu dereva wake amepotea, na mimi na mfanyakazi wangu tunapishana koridoni na mabeseni. Wageni walipokwisha kuondoka nikatoka nje kumwaga maji. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la getini. Alikuwa amevaa koti lake la suti, kofia, viatu vimepakwa rangi, fimbo katikati ya magoti. Mlinzi akaniambia mzee yuko pale tangu wageni hawajaamka.

Nikamuuliza, Baba, unafanya nini hapa? Akasema kwa upole kabisa, "Nilidhani gari linakuja."

Nilipata hasira ambayo sikujua naipeleka kwa nani. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Nikavua kitenge cha kazi, nikamwachia mfanyakazi funguo zote, hata za stoo ambazo huwa simwachii mtu, nikaenda stendi kutafuta usafiri.

Dereva wa mchomoko, yule yule wa Ijumaa, akanitajia bei ya Jumamosi. Nikamwambia hiyo ni dhambi, jana tu ulinipeleka kwa kiasi kile, barabara imekuwa ndefu usiku? Akaniangalia kwa utulivu akasema, "Mama, chumba chako jana na leo bei ni ileile?" Wenzake wakacheka. Na mimi ilinibidi nicheke, japo sikupenda. Nikalipa.

Baada ya Kiabakari magari yalikuwa yanasogea kama maandamano ya msiba. Mbele zaidi yakasimama kabisa, ikabidi tushuke tutembee. Pikipiki zinapita zinapiga honi, vumbi limesimama hewani, mzee amenishika kiwiko. Kila hatua nilikuwa nasema moyoni, si nilisema? Si nilisema? Maji niliyanunua kwa bei ambayo siitaji hapa, maana wageni wangu watanicheka. Kwenye maturubai kulikuwa na viti vya wageni waalikwa, kijana wa mlangoni akatuambia vimejaa. Tukazunguka, tukajibana, tukafika mahali ambapo mbele yetu kulikuwa na migongo tu.

Nikamuuliza Baba anaona nini. Akasema, "Shati la bluu." Ni kweli, kulikuwa na mtu mrefu mwenye shati la bluu mbele yake, na kwa macho ya Baba dunia yote ilikuwa shati hilo. Nikataka kulia. Ijumaa alikuwa na uwanja mzima mbele yake, na leo amelipia mara tatu yake kuangalia mgongo wa mtu.

Ila yeye hakuwa na shida. Mama mmoja alimpa kigoda chake cha kuuzia karanga, akakaa, akafumba macho kabisa. Njuga zilikuwa zinapita ardhini, hata mimi nilizisikia miguuni. Wanawake wakipiga vigelegele upande mmoja, upande mwingine wanadaka. Watu wanacheka kwa pamoja, wanatoa sauti kwa pamoja, na mzee katikati yao anatikisa kichwa, anasema mmh, anasema naam, kama anayezungumza na mtu. Ijumaa ngoma ikichezwa hakutoa sauti hata moja. Hilo niliona mwenyewe.

Jua lilipoanza kulegea litungu likabaki na uzi mmoja. Baba akasimama. Nilimshika, akauondoa mkono wangu.

Mwimbaji akaita rika lao. Lilikuwa la kwanza kuitwa, maana siku hizi hakuna rika juu yao. Uwanja ulikuwa na kelele, watoto, wauza ice cream, watu wanaitana. Baba akapiga fimbo chini. Pale palikuwa na vumbi la kufika kifundoni, fimbo ikazama bila sauti. Akasema, "Tupo." Walisikia mama wa karanga, mimi na shati la bluu.

Kwa mwimbaji haikufika. Akaita tena, kama desturi, akiwapa wazee muda. Yule mtu wa shati la bluu akageuka, akamwona Baba, akaelewa. Akainua mikono yote miwili akapaza sauti watu wanyamaze, kuna mzee anajibu. Kimya kikasambaa kutoka pale tuliposimama, watu wanaambizana, mpaka kikafika kwenye kamba iliyozungushiwa wachezaji. Baba akavuta pumzi, akasema kwa sauti yote aliyonayo, "Tupo!"

Alikuwa mmoja, na neno lenyewe ni la wengi. Likaning'inia pale. Nilitazama kila upande, na umati mzima ulikuwa unatazama kila upande. Hakuna fimbo iliyolia. Nilimwona Baba anasubiri, kichwa ameinamisha kidogo, sikio moja mbele. Mungu wangu, niliona vibaya. Nilitamani ningekuwa mwanamume wa miaka themanini.

Kisha upande wa pili wa uwanja, mbali, karibu na lilipo litungu, fimbo ikapigwa kwenye kitu kigumu na sauti ikajibu, "Tupo!"

Watu wakashangilia. Baba akanishika mkono akaubana mpaka pete ikaniumiza. "Nani huyo?" akauliza. "Ni nani? Yuko wapi?" Sikumwona. Nikamwambia simwoni, Baba, ni mbali, watu ni wengi. Mwimbaji alikuwa ameshashuka kwenye rika linalofuata, na hao walikuwa wengi, wakajibu kwa kishindo.

Tukajaribu kuvuka. Mimi mbele, natumia viwiko, nasema samahani nipishe kuna mzee. Hatukufika hata nusu. Ngoma ya mwisho ikaanza, kamba ikaangushwa, watu wakaingia uwanjani kucheza, na sisi tukasukumwa pembeni na wengine wote. Ilipokwisha, kila mtu alikuwa anakimbilia usafiri. Mtu mmoja katika watu wale, usiyemjua jina wala sura, unampataje? Baba akasema twende. Nauli ya kurudi ilikuwa imepanda tena na sikubishana.

Jumapili tulikwenda misa ya pili. Baba alikaa siku nzima kama mtu anayepiga hesabu ya majina. Chakula cha mchana aliniuliza kama sauti ile ilikuwa ya kutoka kushoto kwa litungu au kulia. Magoti yalikuwa yamevimba kwa kusimama, nikawa nayakanda kwa maji ya chumvi.

Kufikia Jumatatu jioni mji ulikuwa umeisha. Vyumba vyangu vilibaki na Baba na fundi mmoja wa minara ya simu. Nikarudisha bei ya kawaida. Nikampigia mwimbaji, ambaye sasa alikuwa na nafasi ya kuzungumza, nikamuuliza nani alijibu. Akasita. Akasema alimwona, ni mtu wa Mugeta, akanielekeza nyumba, ila akaongeza kwamba heri niende nikazungumze naye mimi mwenyewe.

Magoti ya Baba hayakuruhusu safari, kesho yake nikaenda peke yangu. Haisi ilikuwa na abiria wachache, konda ananiita mama karibu mbele, nauli ya siku zote. Barabara iliyojaa watu wiki iliyopita ilikuwa tupu, mbuzi wamelala katikati. Nilikuwa nawaza, kama huyo mzee bado anatembea, nitamchukua nirudi naye leo hii, wakae na Baba kwenye benchi langu, nitawapikia.

Nilimkuta mwanamume wa umri wangu, mzima, mabega mapana, ananyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Nikamwambia namtafuta mzee wa nyumba hii, aliyejibu rika Jumamosi. Akaweka pampu chini. Akanawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mzee tumemzika kabla ya mvua za masika," akasema. "Niliyejibu ni mimi."

Nikakaa kwenye gogo. Akanieleza kwamba baba yake alikuwa wa rika hilo, na yeye alikuwa amebeba fimbo ya marehemu siku ile kwa kumbukumbu tu, hakuwa na nia yoyote. Aliposikia mzee wa watu anasema Tupo peke yake, na uwanja mzima umenyamaza, hakuvumilia. Mdomo ulifunguka wenyewe. Alijua amevunja mwiko, watu wa jirani walishamsema, mwimbaji naye alimwita pembeni. Akaniuliza kama mzee wangu amekasirika. Akaniomba nimwombee radhi. Alitaka kunipa jogoo, nikakataa, akanifungia maziwa ya mgando kwenye dumu.

Safari ya kurudi ilikuwa fupi mno kwangu. Nilitafuta uongo. Ningeweza kusema nimemkosa, amehamia Tarime kwa mwanawe. Ningeweza kusema yupo, anaumwa miguu kama wewe, anakusalimu. Baba angerudi Morogoro Alhamisi akiwa na mwenzake mmoja duniani. Nilikaribia kabisa kuuchagua huo wa pili.

Alikuwa kwenye benchi la getini. Kabla sijakaa alisikia dumu likigonga chini, akasema hayo ni maziwa ya Mugeta. Nikaangalia uso wake na uongo wote ukanitoka. Nikamwambia kila kitu kama nilivyoambiwa.

Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Nilijua," akasema. "Ile sauti ilikuwa na meno."

Nikamuuliza kama alijua, aliniacha niende Mugeta yote hiyo kwa nini? Akasema alitaka kujua ni mtoto wa nani. Akaniuliza jina la baba wa yule bwana, nikamtajia. Akacheka kidogo, akasema huyo alikuwa mwizi wa maziwa, walichungaga pamoja, wakichapwa anayelia ni mwingine. Kisha akavua kofia akaiweka gotini, akawa anaizungusha ukingo kwa vidole.

"Basi nimebaki mimi," akasema.

Nilikasirika, sijui kwa nini kila nikiumia nakasirika. Nikamwambia, Baba, tiketi yote ile, vumbi, magoti haya, kusukumwa kama gunia, umekuja kusikia hivyo tu? Si ningekutafutia jibu hilohilo wiki hii, umekaa hapa hapa, kwa utulivu?

"Wiki hii ningeita mbele ya nani?" akasema. "Ningesema Tupo hapo uani kwako, wangenijibu kuku. Jumamosi niliita, na mtu akaona aibu ya watu wote wale, akanijibu. Kwa muda ule tulikuwa wawili, mama. Muda huo nimerudi nao."

Akaomba kikombe cha maziwa. Nikammiminia, nikajimiminia na mimi, tukanywa.

Alhamisi nilimpeleka stendi nikamkabidhi kwa konda, kaka angempokea Morogoro. Basi lilikuwa na viti vya kumwaga, alichagua dirishani kana kwamba anaona nje. Kabla ya kutoka chumbani alikuwa amepapasa fremu ya mlango mpaka chini, akaniambia mwaka ujao nisikipangishe. Akaniambia pia nimpelekee salamu mtoto wa Mugeta: asiombe radhi. Mwaka ujao aje, asimame karibu naye, na akisema Tupo, aseme pamoja naye. Kama wazee wa mwiko wana neno, walilete kwake, maana juu yake hakuna rika la kumkataza.

Mwaka huo ujao ndio huu. Lile tundu la ufunguo limefungwa, Baba sasa haoni hata mwanga wa dirisha, na kaka anauliza kama kweli bado tunamleta kwenye vurugu ile mtu asiyeona. Nikamwambia akate tiketi mapema. Mtu wa Mugeta ameshapiga simu mara mbili kuuliza siku. Nimeongeza kitanda cha pili kwenye chumba cha kwanza kushoto.

Juzi yule kiongozi wa watalii wa Mwanza amenipigia, anakitaka tena, wiki nzima ya ngoma, anaongeza juu ya bei yangu iliyopanda. Nikamwambia kina watu. Akaniuliza wao wanalipa kiasi gani, na mimi nikakata simu.